Mistari 23, yote inaanza na "tume-"

Ujumbe uliingia saa mbili usiku, nikiwa nafunga kompyuta.

"Habari za jioni. Naomba kusitisha huduma kuanzia mwezi huu. Sina ugomvi na mtu, ila sijaona mlichonifanyia. Asanteni."

Aliyeuandika ni fundi mwenye karakana ya samani, mteja wetu wa siku 41. Sisi ni ofisi ndogo ya kutunza vitabu vya hesabu. Mteja analipa kila mwezi, anatuletea karatasi zake, tunazipanga, tunamrudishia ripoti. Nikafungua faili lake nikiwa nimeshaanza kumkasirikia mfanyakazi wangu, maana nilikuwa na hakika nitakuta hatua iliyorukwa.

Hakukuwa na iliyorukwa. Orodha yetu ya kumpokea mteja mpya ilikuwa na mistari 23, na yote 23 ilikuwa na tiki. Barua ya kumkaribisha ilikwenda siku ileile ya saini. Taarifa za benki ziliombwa siku ya pili. Mwongozo ulitumwa, akaunti ikafunguliwa, simu ya utambulisho ikapigwa. Kwa mujibu wa karatasi zetu, mwezi ule hatukuwa na mteja aliyepokelewa vizuri kumzidi.

Sijaona mlichonifanyia.

Sentensi ile nilikwenda nayo nyumbani, nikarudi nayo kazini, nikakaa nayo wiki kadhaa.

## Kwanza nilimlaumu yeye

Maelezo nilikuwa nayo tele. Hakutuma karatasi kwa wakati. Hakuusoma mwongozo. Alikawia kujibu. Yote haya yalikuwa kweli, ndiyo maana yalinichelewesha kufikiri.

Kilichonitoa hapo ni uchovu wa kuyarudia maelezo yaleyale kwa wateja tofauti. Nikachukua faili za wote 31 walioanza nasi ndani ya miezi sita. Kati yao, 11 walikuwa wameondoka kabla ya kutimiza siku 90. Sikuangalia mapato wala ukubwa wa biashara zao. Kwa kila mmoja niliandika tarehe mbili tu: siku aliyotia saini, na siku aliyopata kwetu kitu cha kwanza chenye manufaa ambacho hakuwa nacho kabla.

Tarehe ya kwanza ilinichukua dakika. Ya pili ilinichukua jioni nne, kwa sababu haikuwa na mahali pake kwenye orodha yetu. Ilinibidi niichimbue kwenye ujumbe wa simu na barua pepe, nikitafuta pale mteja aliposema "ahaa" kwa namna yoyote ile.

Nilipowapanga waliobaki kuanzia wa haraka hadi wa mwisho, yule wa katikati alikuwa amefika hapo siku ya 15. Kwa walioondoka, wa katikati alifika siku ya 34. Wanne kati yao hawakufika kabisa.

Kabla sijashangilia, shaka ikaniingia. Huenda ucheleweshaji haukuwa sababu ya kuondoka. Huenda mtu ambaye hatumi karatasi zake ni mtu ambaye tangu mwanzo hakuitaka huduma sana, na angeondoka hata tungemhudumia usiku na mchana. Faili zangu hazingeweza kutenganisha mambo hayo mawili. Tarehe inakuonyesha nini kilitangulia, haikuonyeshi mtu alikuwa na nini moyoni.

Ikabidi nipige simu.

## Alichokuja kutafuta

Nilimpigia fundi, nikamwambia mapema kwamba simpigii kumbembeleza arudi. Nadhani hilo lilisaidia, maana alicheka, kisha akazungumza karibu nusu saa.

"Bwana, mimi nilikuja kwenu na jambo moja. Watu wamechukua vitanda na makabati, wengine wamelipa nusu, wengine hawajalipa kitu, nami sijui tena nani ninamdai kiasi gani. Mkaniletea karatasi ya faida na hasara. Ni nzuri, lakini mimi nitaipeleka wapi?"

Nikamuuliza kama alitueleza hivyo.

"Nilimwambia yule kijana wenu wa mauzo. Aliandika kabisa."

Kweli aliandika. Nililikuta daftari lake: "Anasumbuliwa na madeni ya wateja wake." Maneno hayo yaliishia kwenye daftari. Kilichovuka kutoka mauzo kuja kwa mhasibu ni jina, namba ya simu na aina ya kifurushi.

Hapo nikaipanga safari yake upya, safari hii nikiwa upande wake wa meza. Siku ya 2 anaombwa taarifa za benki za miezi mitatu. Hana, kwa sababu anayeshika mambo ya benki ni shemeji yake, ambaye sisi hatukujua hata kama yupo. Siku ya 9 anatuma picha za karatasi alizopiga karakanani, zenye giza. Siku ya 12 tunamjibu kwa barua pepe kwamba picha hazisomeki, tunaomba nakala safi. Barua pepe anaifungua mara moja kwa wiki. Siku ya 30 inamfikia ankara yetu ya mwezi wa pili. Siku ya 36 inafika ripoti ya kwanza, sahihi kabisa, inayojibu swali ambalo hakuuliza. Siku ya 41 anaandika ujumbe.

Ankara mbili zilimfikia kabla ya kazi moja.

Na kitu alichokitaka hakikuhitaji taarifa za benki ili kianze. Orodha ya wadaiwa unaweza kuianza na kitabu cha ankara peke yake: jina la mteja, tarehe, kiasi, alicholipa kwa kumbukumbu ya mwenye karakana, salio, na umri wa deni. Unawagawa wenye deni lisilozidi siku 30, wa 31 hadi 60, wa 61 hadi 90, na waliozidi hapo. Pembeni unaandika "haijathibitishwa na benki". Taarifa za benki zikija, unasahihisha. Ni kazi ya siku moja au mbili. Tungeweza kumkabidhi siku ya 4.

## Kiambishi

Jioni hiyo nikaisoma orodha yetu kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Tumetuma barua ya karibu. Tumeomba taarifa za benki. Tumefungua akaunti. Tumetuma mwongozo. Tumepiga simu ya utambulisho. Tumeeleza namna ya kupakia risiti. Tumetuma ripoti ya kwanza.

Tume, tume, tume.

Mistari 23, na hakuna hata mmoja ulioanza na "ame-". Mteja hakuwa mtendaji mahali popote kwenye karatasi inayodai kumhusu yeye. Ndiyo maana tiki zote zilijaa huku mtu mwenyewe akiwa hajasogea. "Tumeomba taarifa za benki" inakuwa kweli sekunde ile unapobonyeza kitufe cha kutuma, na itabaki kweli hata zisipokuja mwaka mzima.

Nikaanza kubadilisha. Mistari mingine ilipinda kirahisi. "Tumetuma mwongozo" ikawa "Amepakia risiti moja mwenyewe, na tumeiona". "Tumeomba taarifa za benki" ikagawanyika, kwa sababu kuna kufika na kuna kusomeka: "Amezileta, zimefunguka, tarehe zinafuatana bila pengo". Wahasibu wanajua pengo hilo. Ukurasa mmoja ukikosekana katikati, salio la mwisho la ukurasa mmoja halikubaliani na la kuanzia la unaofuata, na unaligundua wiki mbili baadaye.

Mistari mingine ilikataa kupinda. "Tumefungua faili kwenye mfumo" haina "ame-" yake, kwa sababu mteja haimhusu. Nikagundua kwamba mistari 11 kati ya ile 23 ilikuwa ya namna hiyo, kazi za ndani ya ofisi. Sikuzifuta, maana bila hizo kazi inakwama. Nikazihamishia kwenye karatasi nyingine ambayo hakuna mtu atakayeisoma ili kujua hali ya mteja.

Zilizobaki nikazikata hadi 9.

## Tiki si ushahidi

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya usalama wa upasuaji iliyozinduliwa mwaka 2008. Ina vipengele 19, na vimewekwa kwenye vituo vitatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Nilichoipendea ni vile vituo. Unasimama, unajibu, ndipo unaendelea.

Lakini mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, zilizoanza kuitumia orodha ya aina hiyo. Hospitali zenyewe zilitoa taarifa kwamba inajazwa karibu kila mara. Vifo na matatizo baada ya upasuaji havikupungua kwa kiasi cha kuonekana wazi. Watu wamebishana sana kuhusu sababu. Mimi nilijifunza jambo dogo tu la kwangu: kiwango cha kujazwa kwa orodha hakikuambii kama orodha inafanya kazi.

Nasi tulikuwa tumejaza 23 kwa 23.

Nikaazima vituo vitatu. Kituo cha kwanza ni kabla mhasibu hajagusa kazi. Cha pili ni kabla ankara ya mwezi wa pili haijatoka. Cha tatu ni siku ya 60. Mistari 9 ikagawanywa humo, na nguvu kubwa ikaenda kwenye kituo cha kwanza.

Kituo hicho kina mistari minne. Mteja amesema kwa maneno yake kwa nini amekuja sasa na si mwaka jana, na maneno hayo yameandikwa kama yalivyotoka kinywani mwake. Amemtaja anayeshika karatasi, na huyo amezungumza nasi. Amechagua njia anayoisoma kila siku, iwe simu, ujumbe au barua pepe. Na amekubali kitu cha kwanza atakachopokea, pamoja na tarehe yake.

Mstari wa kwanza ndio mgumu kuliko wote. Mtu wa mauzo huandika "anataka kutunziwa hesabu", ambayo ni sawa na daktari kuandika "anataka kupona". Tukakubaliana kwamba jibu lisilo na neno "kwa sababu" linarudishwa kwake.

## "Utanipima kwa kazi ya mtu mwingine?"

Niliposoma orodha mpya mbele ya wenzangu, mhasibu wetu wa siku nyingi alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bosi, mteja asipoleta karatasi, mstari wangu unabaki mtupu. Utanipima kwa kazi ya mtu mwingine?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilidhani nimeleta kitu safi, kumbe nilikuwa nimembebesha mzigo asioweza kuutua.

Tuliupata ufumbuzi kwa kuongeza safu mbili kwenye jedwali. Moja ni siku ya mwisho ya kusubiri. Nyingine ni tunachofanya siku hiyo ikifika na mstari bado mtupu. Mhasibu hapimwi kwa mstari kujaa. Anapimwa kwa kuchukua hatua siku hiyo ilipofika.

Mfano ni taarifa za benki. Tunasubiri siku tano. Siku ya tano, kama hazijaja, hatutumi barua ya kukumbusha. Tulikuwa tumetuma za kukumbusha za kutosha katika maisha yetu, na kila moja ilimfanya mteja ajione mdeni. Tunapiga simu na kupunguza tunachoomba: mwezi mmoja badala ya mitatu, akaunti moja badala ya zote. Kwa kilicholetwa tunafanya kazi ndogo inayojibu ule mstari wa kwanza, tunaikabidhi, tukieleza wazi inapoishia. Mara nyingi mteja akiona kipande hicho, miezi iliyobaki anaileta bila kuombwa tena. Si kila mara.

Kituo cha pili kilileta ubishi mwingine, huu wa fedha. Tulikubaliana kwamba ankara ya mwezi wa pili haitoki kama mteja hajapokea kitu cha kwanza. Anayeshughulikia makusanyo alisema tutajinyonga. Nikamwonyesha kwamba kati ya wale 11, saba waliandika kuondoka ndani ya wiki moja baada ya kupokea ankara. Ankara ndiyo siku mteja anapokaa na kujiuliza ananunua nini. Ukimkuta hana jibu, umemwandikia barua ya kuondoka kwa mkono wako.

Tunaichelewesha kwa siku kumi, si zaidi. Zikipita siku kumi na bado hakuna kitu, mimi mwenyewe ninampigia simu mteja.

## Yaliyotokea

Hapa ninatembea kwa tahadhari, kwa sababu idadi ni ndogo.

Hatupimi tena kwa kuhesabu walioondoka mwezi fulani, maana hesabu hiyo inawachanganya wateja wa miaka mitatu na wa wiki tatu, na wale wa miaka mitatu wanaficha kila kitu. Tunawafuata kwa makundi. Wote walioanza mwezi mmoja ni kundi moja, na hatusemi lolote juu yao mpaka wa mwisho wao atimize siku 90. Subira hiyo inauma. Unabadilisha kitu leo, unakuja kujua baada ya miezi minne.

Makundi mawili ya kwanza chini ya orodha mpya yalikuwa na wateja 12. Waliondoka watatu.

Wawili kati ya hao waliondoka ndani ya siku saba za kwanza. Hilo lilinitisha hadi nilipoangalia kwa nini. Mmoja alipoulizwa "kwa nini sasa", ilijulikana kwamba alitaka mtu wa kwenda kumdai mteja wake mkubwa kwa niaba yake. Hiyo si kazi yetu. Mwingine alitaka mkopo na alihitaji hesabu za miaka iliyopita zikaguliwe na mkaguzi mwenye leseni, nasi hatuna. Tuliwarudishia fedha zao. Zamani wangekaa hadi siku ya 40 au 50, wakilipa na kukasirika, na orodha ingekuwa imejaa tiki.

Kwa hiyo orodha hii haiwezi kumwokoa mtu aliyeuziwa asichokihitaji. Inamtoa mapema tu, na inamrudishia swali mtu wa mauzo.

Je, ni orodha iliyosaidia, au ni mimi kupiga simu zaidi? Siwezi kusema. Kwa wateja 12 bahati peke yake inaweza kucheza mchezo huo.

Palikuwa pia na udanganyifu, nao nilitakiwa kuutarajia. Mstari mmoja wa kituo cha tatu unasema: "Ametaja jambo moja alilofanya kwa sababu ya ripoti yetu." Wiki ya pili ya kuutumia mstari huo nikaona majibu yanafanana mno. Nikasikiliza simu mojawapo. Kijana wetu alikuwa anauliza, "Ripoti imekusaidia kwenye maamuzi, siyo?" Mteja anajibu "ndiyo", tiki inawekwa. Sasa swali ni moja, na linasomwa kama lilivyoandikwa: "Tangu ripoti ije, umefanya nini tofauti?" Ukimya ukija baada ya hapo, unaandikwa kuwa ukimya.

## Kitabu cha ankara

Fundi alikuwa ameacha kwetu nakala ya kitabu chake cha ankara. Ijumaa moja mchana nilikaa nacho mwenyewe, nikaitengeneza ile orodha ya wadaiwa. Walikuwa 19. Sita walikuwa wamezidi siku 90, na mmoja wao alidaiwa karibu theluthi ya jumla yote. Nikaandika juu yake "haijathibitishwa na benki", nikaituma kwa ujumbe wa simu, bila ankara na bila ombi lolote.

Alijibu baada ya siku mbili. "Huyu wa juu nilidhani alishamaliza kulipa."

Hajarudi kuwa mteja. Sikumuuliza.

Kwenye orodha ya sasa, kati ya mistari 9, bado kuna mmoja unaoanza na "tume-". Upo kituo cha tatu: "Tumemuuliza ni nini kingemfanya aondoke." Nimejaribu mara kadhaa kuugeuza uwe "ame-". Nikiandika "Ametuambia ni nini kingemfanya aondoke", vijana wanaleta majibu ya adabu, kwa sababu wateja wetu wengi ni watu wa adabu. Nimeuacha ulivyo, na pembeni yake nimeandika kwa penseli: huu si ushahidi.